Mgonjwa wa kiharusi hasemi, sasa utajuaje kama ana sonona?

Nianze na mzee mmoja, nitamwita Fundi maana alikuwa fundi cherehani huko Tandika, miaka 61, na vitu vingine nimevibadilisha asije akajulikana. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto wa ubongo, mkono na mguu wa kulia vikalegea, na kauli ikapotea. Alikuwa anaelewa mengi ila akitaka kusema linatoka neno moja tu, "hapo hapo", kila kitu "hapo hapo", maji hapo hapo, choo hapo hapo. Wiki mbili za mwanzo za mazoezi alijituma kweli. Wiki ya tano akaanza kufumba macho ukimsogelea, ukimshika mguu anauachia kama sio wake, chakula anageuza uso ukutani. Kwenye faili tukaandika "mgonjwa haonyeshi ushirikiano", na mmoja wa walioandika ni mimi, fizio wake. Siku nne zimepita hivyo hivyo, kila zamu inasoma sentensi ile inairudia, mpaka nesi mmoja wa usiku akauliza asubuhi wakati wa kukabidhiana, huyu baba nani amempima sonona? Kimya. Hamna aliyempima, na sababu tuliyoitoa wote ilikuwa moja: haongei, tutamuuliza vipi?

Hiyo sababu ndio nataka kuifungua hapa, maana inawafunga watu wengi kwenye timu za utengamao. Tafiti zikijumlishwa zinaonyesha karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi anapata sonona wakati fulani ndani ya miaka ile ya mwanzo, mwaka wa kwanza ukiwa ndio mbaya zaidi, na wenye afasia, yaani waliopoteza lugha yote au sehemu, ndio walio kwenye hatari kubwa zaidi. Halafu hao hao ndio tunaowaruka. Mwenye kuongea tunampa PHQ-9, maswali tisa, ipo ya Kiswahili na imeshafanyiwa utafiti huku kwetu, unajumlisha alama, akifika 10 kati ya 27 unasimama umwangalie vizuri. Mwenye afasia tunaandika "haiwezekani kupimwa" tunaenda kwa kitanda kinachofuata.

Inawezekana. Ila kuna kitu kinatangulia fomu yoyote, nacho ni kujua kama ndiyo yake ni ndiyo kweli. Hapa ndio watu wanateleza sana. Mtu mwenye afasia mara nyingi anatikisa kichwa kukubali kila kitu, kwa adabu, au kwa sababu ameshika neno moja tu kwenye sentensi yako, au kwa kusoma uso wako unataka jibu gani. Sasa ukimuuliza "una huzuni?" akatikisa kichwa, umepata nini? Hujapata kitu. Kwa Fundi tulifanya hivi: tukaandaa maswali kumi ambayo majibu tunayajua kwa bintiye, matano ya ndiyo na matano ya hapana, tukayachanganya. Unaishi Tandika? Tuko Morogoro sasa hivi? Ulikuwa dereva wa daladala? Ulikuwa fundi cherehani? Na kadi mbili mbele yake, moja ina alama ya vema moja ina alama ya kosa, anaonyesha kwa mkono wa kushoto. Alipata tisa. Angepata sita au saba, hasa kama aliyokosea yote ni yale ya hapana, ningejua huyu anakubali tu, na nisingeamini kadi zake kwenye swali la moyo, ningeegemea zaidi kwa wanaomwona mchana na usiku.

Kadi zipange wima, moja juu moja chini yake, sio kulia na kushoto. Kiharusi cha namna hii kinaweza kuondoa uoni wa upande mmoja, mgonjwa akaona kadi moja tu na wewe ukadhani amechagua. Na hakikisha miwani yake ipo, na kama anatumia kifaa cha kusikia kiwe sikioni sio kwenye droo. Mimi nimewahi kukuta mgonjwa ambaye wodi nzima inasema haelewi, kumbe miwani ilibaki nyumbani toka siku alipobebwa, mjukuu akaileta jioni, kesho yake mambo yakawa mengine kabisa.

Namna ya kuongea nayo ni sehemu ya kipimo. Sentensi fupi, wazo moja moja, unasema huku unaonyesha picha au unaandika neno kubwa kwenye karatasi, halafu unanyamaza. Kunyamaza ndio kugumu kwetu. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo kabla hujarudia, maana ukirudia mapema kwa maneno mengine umemrudisha mwanzo. Zima redio, vuta pazia, redio ya kitanda cha jirani inamla mtu mwenye afasia zaidi ya unavyodhani. Mwisho unamrudishia ulichoelewa: "Baba, umesema usiku hulali, ndiyo?" na kadi zinatoka tena.

Baada ya hapo Fundi tukampa kipimo cha duara, kinaitwa DISCs. Ni duara sita zimepangwa kwenda juu, ya chini kabisa ni nyeupe, kila unapopanda sehemu nyeusi inaongezeka mpaka ya juu imejaa giza. Nyeupe ni sifuri, nyeusi tupu ni tano, na kuanzia mbili inatakiwa uanze kufuatilia. Uzuri wake hakihitaji neno hata moja kutoka kwa mgonjwa. Ubaya wake, mtu anaweza kuonyesha duara bila kujua duara maana yake nini, kwa hiyo unamjaribu kwanza: nionyeshe mtu asiye na huzuni kabisa, nionyeshe mtu mwenye huzuni kuliko wote. Akipatia zote mbili ndio unauliza, wewe leo? Fundi aliweka kidole kwenye nne. Hatukuishia hapo, tukamrudishia kesho yake asubuhi bila kumkumbusha jibu la jana, akaweka nne tena. Jibu moja la siku moja, baada ya mazoezi yaliyomuuma au siku ndugu hawajafika, sio la kujengea mpango.

Njia ya pili ni kuwauliza wanaomwona. Kuna fomu inaitwa SADQ-H10, ilitoka kwa watafiti wa Nottingham Uingereza, imetengenezwa kabisa kwa ajili ya wenye afasia waliolazwa, vipengele kumi vyote ni vya kuona kwa macho: analia, usiku hatulii, anakwepa macho unapomsemesha, anaangua kilio ghafla, anaonyesha maumivu, anakasirika, anakataa kukaa na watu, anahangaikahangaika, anakaa bila kufanya kitu, na kipengele cha mwisho kimegeuzwa, kinauliza kama anajishughulisha mchana. Unapiga hesabu ya wiki moja iliyopita, kila siku ni 3, siku nyingi ni 2, siku chache ni 1, hata siku moja ni 0, na hicho cha mwisho unakihesabu kinyume. Jumla kubwa ni 30, na kuanzia 6 ni bendera.

Nasema bendera kwa makusudi. Hiyo sita imetoka kwa wagonjwa wa Uingereza na imewekwa chini ili isimkose mtu, kwa hiyo itabeba na wengi wasio na sonona. Na kuna toleo la nyumbani la fomu hii ambalo mpaka wake ni mwingine, uko juu zaidi, kwa hiyo usichukue fomu ya nyumbani ukaisoma kwa mpaka wa wodini. Nimeona kosa hilo likifanyika, nusu ya kliniki ikaonekana ina sonona kwa asubuhi moja.

Kwa Fundi tulijaza fomu mbili, moja nesi wa mchana moja bintiye ambaye analala naye, halafu tukakaa tukalinganisha. Tulipokubaliana ilikuwa hivi: kulia 1, usiku 3, kukwepa macho 2, kuangua kilio 1, maumivu 2, hasira 1, kukataa watu 3, kuhangaika 0, kukaa bila kufanya kitu 3, kutojishughulisha 3. Jumla 19. Binti alimpa usiku 3 wakati nesi alimpa 0, na hapo wote wawili walikuwa wakweli, nesi wa mchana hakai usiku. Ndio maana mtu mmoja hatoshi.

Sasa 19 inaonekana kubwa, lakini mtu makini atauliza, hivi mtu aliyepooza upande mmoja, yupo wodini, hana cherehani hana redio, atajishughulisha na nini? Swali zuri sana. Tukafanya zoezi dogo ambalo sio sheria ya fomu, ni namna ya kufikiri tu: tukatoa pembeni alama zote zinazoweza kuelezwa na mwili au na wodi yenyewe. Maumivu 2, bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kwenye kiungo na linauma kweli. Kukaa bila kufanya kitu 3, kutojishughulisha 3. Zikabaki 11. Hata ukimbania hivyo bado anavuka, na zilizobaki ndizo zenye uzito, kukwepa macho, kukataa watu waliokuja kwa ajili yake, kukesha.

Kabla ya kumwita sonona tukafuta vitu vingine, na hapa daktari anahitajika sio fizio peke yake. Cha kwanza ni kuchanganyikiwa kwa ugonjwa kule kwa kimya, ambako mtu analala lala, haangalii watu, na kila mtu anafikiri ana huzuni kumbe ana maambukizi ya mkojo toka kwenye katheta au sodiamu imeshuka. Dalili yake ni kupanda na kushuka ndani ya siku hiyo hiyo, asubuhi yuko macho jioni hakutambui, na imeanza ndani ya siku mbili tatu. Fundi alikuwa vile vile asubuhi na jioni, na imemjia taratibu ndani ya wiki mbili. Damu, sukari, sodiamu, mkojo, na homoni za tezi ya shingo vikaangaliwa. Bega likapewa dawa ya maumivu na namna nzuri ya kuliegemeza, maana mtu anayeumwa usiku kucha atafanana na mwenye sonona kwa kila kipengele.

Cha pili ni kilio kisicho cha huzuni. Kiharusi kinaweza kuharibu breki ya hisia, mtu akiona tu mjukuu anaangua kilio, baada ya nusu dakika amenyamaza kama hamna kilichotokea, na ukimuuliza kwa kadi "una huzuni sasa?" anaonyesha hapana. Familia inavunjika moyo bure, na anaweza kuandikiwa sonona ambayo hana. Mwingine anaweza kuwa navyo vyote viwili. Cha tatu ni kupoa, yaani mtu hana huzuni ila injini ya kuanza jambo imezimika, ukimsukuma anafanya bila kinyongo, ukimwacha anabaki alipo. Tofauti na Fundi iko hapa: Fundi ukimsukuma alikuwa anakunja uso anageukia ukutani. Aliyepoa hageukii ukutani.

Halafu kuna swali ambalo watu wanalikwepa kabisa kwa mwenye afasia, la kutaka kufa. Wanaogopa watamtia wazo. Kumuuliza mtu hakumtii wazo, kunamfungulia mlango. Tuliandaa kadi zenye sentensi fupi na michoro ya kawaida: "Nimechoka." "Natamani nisiamke." "Nafikiria kujiua." Mwanasaikolojia alizisoma moja moja, faragha, bintiye akiwa nje, maana mbele ya mtoto mzazi hawezi kukubali. Kila moja iliulizwa mara mbili, mara ya pili kwa kinyume: "Unataka kuendelea kuishi?" ili ndiyo na hapana zisipishane. Fundi alikubali ya kwanza na ya pili, ya tatu alikataa mara zote. Hiyo ilitosha kuweka mambo kwenye mpango: dawa zake nyumbani zitunzwe na binti sio juu ya meza, sumu ya panya itoke ndani, asiachwe peke yake wiki za mwanzo, na swali lirudiwe kila wiki. Na kwa mtu asiyesema, kukataa chakula na dawa kwa siku kadhaa kuchukue uzito ule ule ambao ungempa mtu anayetamka.

Daktari wa akili alikuja akamwona, akasikia ya timu na ya familia, akasema hii ni sonona ya kiwango cha kati. Fomu haiandiki utambuzi, inamleta mtu wa kuuandika. Familia nayo ilikuwa na maelezo yake. Kaka mkubwa alisema amekata tamaa, anajidekeza, shangazi alisema ni majini, apelekwe kwa mtu. Hatukubishana. Nilimwambia, "Shangazi, sheikh aje amsomee dua hapa hapa kitandani, hakuna anayekataza, ila dawa na mazoezi visikatike." Akakubali. Ukiwaambia watu wachague moja, unaweza kukuta kitanda kitupu Jumatatu.

Mpango wenyewe ulikuwa na sehemu mbili, ya shughuli na ya dawa.

Ya shughuli ina jina la kitaalamu lakini kazi yake ni rahisi kueleza: sonona inamfanya mtu aache vitu, kuacha vitu kunaongeza sonona, kwa hiyo unaingilia kwenye kuacha, sio kwenye mawazo. Inawafaa wenye afasia kwa sababu haitegemei mazungumzo marefu. Kuna jaribio la Uingereza linaitwa CALM, watu 105 wenye afasia na hali ya chini ya moyo, nusu walipata mtaalamu wa kuwasaidia kurudi kwenye shughuli kwa muda wa kama miezi mitatu kwa mtindo huu, na baada ya miezi sita walikuwa na moyo mzuri kuliko wasiopata. Kosa linalofanyika ni timu kuchagua shughuli yenyewe, mpira wa kubana, kupanga vigingi rangi rangi. Mzee wa miaka 61 kupanga vigingi rangi rangi, wewe ungekuwa na hamu?

Tukamwomba binti alete picha, za kibanda chake, za baraza wanapocheza drafti, za msikiti, za wajukuu, za chakula. Tukazitandika picha kumi na tano kitandani akagawa mafungu matatu, nilipenda sana, kidogo, sitaki. Baraza la drafti akaliweka sitaki, na hapo binti akashangaa maana alikuwa haondoki pale. Tukaelewa baadaye, kwa kadi, kwamba ni aibu, hataki wenzake wamwone anasema "hapo hapo". Kitambaa na vifungo akaweka nilipenda sana. Basi siku ya kwanza kazi yake ilikuwa moja, dakika kumi saa nne asubuhi, anachagua vifungo kwa mkono wa kushoto kwenye bakuli kufuata ukubwa wa tundu, mjukuu anashona. Siku ya tatu akamrudisha mjukuu kifungo, ametikisa kichwa, hakikulingana. Nakumbuka uso wake pale. Wiki ya pili akawa anaonyesha kwa kidole wapi pa kukata. Mimi mazoezi yangu nikayapeleka hapo hapo, kusimama kwa kuegemea meza ya kukatia badala ya kusimama kwenye vyuma, na mtaalamu wa usemi, ambaye tunampata siku moja kwa wiki tu maana ni wachache sana mjini hapa, akamfundishia maneno ya kazi yake kwanza, uzi, sindano, mita, kabla ya maneno ya kwenye kitabu.

Shughuli inawekwa muda, kiasi, na nani yupo naye, inaandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani kwa picha, na jioni anaonyesha duara ilikuwaje. Kiasi kianze kidogo kiasi kwamba hata siku mbaya anakiweza. Wengi tunaanza na saa zima, mgonjwa anashindwa siku ya kwanza, na kushindwa kunathibitisha kile sonona inachomnong'oneza.

Ya dawa, alianzishwa fluoksetini 20 mg asubuhi. Hapa niseme kitu ambacho bado kinachanganya watu. Kuna kipindi iliaminika kwamba fluoksetini ipewe kila mwenye kiharusi ili viungo virudi haraka. Jaribio la FOCUS la Uingereza, matokeo yalitoka 2018, watu 3127, likaonyesha haiongezi kurudi kwa viungo, inapunguza kidogo wanaopata sonona, na waliovunjika mifupa wakawa asilimia 2.88 kwa waliotumia dhidi ya 1.47 kwa wasiotumia. Majaribio mengine mawili ya 2020 yakaenda njia hiyo hiyo. Kwa hiyo haipewi kila mtu kama kinga, inapewa aliyepatikana na sonona, na ikipewa fizio ajue, maana hatari ya kuanguka inapanda na mimi ndiye ninayemsimamisha. Fundi alikuwa kwenye aspirini pia, na hizo mbili pamoja zinaongeza kutokwa damu, binti akaambiwa aangalie choo cheusi na fizi. Wiki ya pili sodiamu ikarudiwa kupimwa, maana kwa wazee inaweza kushuka na dalili yake ya kwanza ni uchovu na kuchanganyikiwa, yaani inaonekana kama sonona imezidi.

Amitriptilini ndio ipo kwenye maduka mengi na ni rahisi kuipata, ila kwa mtu wa umri huu baada ya kiharusi inaleta mkojo kugoma, kuchanganyikiwa, presha kushuka akisimama, na moyo kupiga vibaya. Kama kuna chaguo jingine lianze hilo.

Familia iambiwe mapema kwamba dawa haifanyi kazi kesho. Ndani ya wiki mbili mpaka nne ndio unaanza kuona kitu, wiki sita mpaka nane ndio unaamua imesaidia au ibadilishwe. Asipoambiwa, binti ataacha kununua siku ya kumi, na hela ya bajaji ya kuja kliniki ndio itakuwa imeishia hapo. Na akipata nafuu haiachwi siku hiyo, inaendelea angalau miezi sita, ikipunguzwa ni kwa daktari.

Binti mwenyewe tulimpima PHQ-9 kwenye kona, akapata 12. Alikuwa halali, ameacha biashara yake ya vitumbua, ndugu wanakuja kuangalia na kuondoka. Kaka mkubwa tukampangia usiku mbili kwa wiki, jina lake likaandikwa kwenye karatasi ile ile ya ukutani. Ukimwacha mlezi akaanguka, mpango wote wa mgonjwa unaanguka naye, na pia fomu unayomtegemea aijaze inapotoka, mlezi mwenye sonona anaona giza kila mahali.

Wiki ya pili ya mpango, jumla ya Fundi kwenye SADQ-H10 ilikuwa 16, karibu hamna kitu, na hapo timu zinakata tamaa na kubadili mambo mapema. Tulibadili kimoja tu, muda wa vifungo ukahamia asubuhi mapema maana tuligundua saa nne anakuwa amechoka na kuogeshwa. Wiki ya sita watu wale wale wawili wakajaza tena, ni lazima wawe wale wale la sivyo unapima tofauti ya wajazaji, ikatoka 9, na duara akaonyesha mbili. Bado yuko juu ya mpaka. Usingizi umerudi, macho yamerudi, kukataa watu kumebaki 2. Kadi ya "natamani nisiamke" aliisukuma pembeni kwa kiganja. Tukampangia kurudia kipimo mwezi wa tatu, wa sita na mwaka, kwa fomu ya nyumbani sasa, na mpaka wake.

Jioni moja kabla hajaruhusiwa nilimkuta amekaa pembeni ya kitanda, binti amemwekea simu mkononi, kuna picha ya wenzake wa baraza. Nikamtolea yale mafungu matatu. "Shikamoo mzee, hii leo tunaiweka wapi?" Akaishika muda mrefu, akaiweka kwenye kidogo.